Hotuba ya mahafali ya chuo cha ufundi: wape kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi

*"Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa nitoe hotuba kwenye mahafali ya chuo chetu cha ufundi, wahitimu ni wa fani mchanganyiko, umeme, magari, ushonaji, friji na viyoyozi. Nina dakika 10, mada ni kuanza kazi na kuendelea kujifunza maisha yote. Nimeshaandika mara tatu na kila nikisoma naona sentensi zote nilishazisikia mahali. Niwaambie nini chenye maana?"*

Marahaba mwalimu. Hizo sentensi ulizoshazisikia zifute tu, ile ya elimu ni ufunguo na ile ya safari ndo kwanza inaanza, manake mpaka zamu yako ifike wahitimu watakuwa wameshazisikia kwa wageni wawili watatu. Mimi nimefundisha friji na viyoyozi miaka mingi, mahafali nimekaa mengi sana, na kitu nilichojifunza ni kwamba mwanafunzi wa ufundi hakumbuki ushauri, anakumbuka kazi. Ukimwambia "endelea kujifunza" anakubali kwa kichwa na hapo hapo imeshapotea, ila ukimwambia Jumatatu ukifika kazini fanya hiki, hicho anaondoka nacho. Kwa hiyo usimpe vitu saba, mpe kimoja. Mimi ningempa daftari, nitakueleza la aina gani, lakini kwanza lazima aone kwa nini analihitaji, na hapo ndo unaweka stori.

Chagua fani moja kati ya zilizopo ukumbini, simulia kitu kimoja kilivyobadilika mikononi mwa mafundi, kwa undani kabisa mpaka mshonaji na yeye aelewe. Watu wanaogopa kwamba ukiongelea friji basi wa magari watasinzia, mi nimeona ni kinyume chake, fundi yeyote anapenda kusikia kazi ya fundi mwingine ikielezwa vizuri, anachoka akielezwa mambo ya jumla jumla. Nikupe mfano wa kwangu ambao ninaujua, uutumie ukitaka.

Friji za nyumbani kwa miaka mingi sana zilikuwa zinatumia gesi inaitwa R-12. Fundi alijifunza mara moja, mafuta ya kompresa ni yale ya madini, gesi inajazwa kwa kuangalia geji na kushika bomba kwa mkono kusikia ubaridi, maisha yanaenda. Afu ikajulikana kwamba hiyo gesi inaharibu tabaka la ozoni, mwaka 1987 nchi zikasaini Itifaki ya Montreal, nchi tajiri zikaacha kuitengeneza kufikia 1996 na nchi zinazoendelea zikapewa mpaka 2010. Ikaja R-134a. Sasa fundi aliyezoea R-12 akawa anaweka gesi mpya kwenye mafuta ya zamani, na R-134a haichanganyiki na mafuta ya madini, mafuta yanabaki huko kwenye mabomba hayarudi kwenye kompresa, kompresa inakauka inakufa, na fundi analaumu spea feki. Mafuta mapya yanayoendana na R-134a nayo yananyonya unyevu wa hewani haraka sana, ukiacha kopo wazi wakati unakula umeshayaharibu. Kwa hiyo mikono ile ile, vifaa karibu vile vile, ila mazoea mawili yaliyokuwa sahihi miaka 20 yakageuka kosa.

Haikuishia hapo. R-134a haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi kwa uzito ule ule, ndo maana mwaka 2016 kule Kigali nchi zikakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Friji nyingi za nyumbani zinazotoka sasa hivi zinakuja na R-600a, ambayo ni isobutani, ndugu yake kabisa na gesi ya kupikia, na inawaka. Inaingia kidogo, chini ya nusu ya uzito wa R-134a, friji ndogo unakuta gramu 40 au 50, kwa hiyo kujaza kwa geji na kushika bomba hakufai tena, unahitaji mizani ya gramu. Na la muhimu kuliko yote, huwezi kufungua bomba kwa moto kama ulivyozoea.

Hapa ndo stori yangu inapoanza, na nakuomba uisimulie taratibu. Nilikuwa na mwanafunzi mzuri sana, mikono myepesi, alimaliza na alama za juu. Miaka mitatu baadaye akaletewa friji haigandishi. Akafanya kama nilivyomfundisha mimi, akatoa gesi kwa haraka hapo hapo chumbani, dirisha limefungwa, akawasha moto ayeyushe kiungo cha bomba la kujazia. Gesi iliyokuwa imebaki ndani ya mafuta na kwenye mabomba ikatoka, ikashika moto, ikamchoma mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Alipona, anafanya kazi mpaka leo. Alinionyesha baadaye ile kompresa, na juu yake palikuwa na stika ya pembetatu ya njano yenye mwali wa moto, na chini yake imeandikwa R600a. Haikuwa imefichwa, ilikuwa pale pale mkono wake ulipopita. Hakuiona kwa sababu hakuwa anaitafuta, wakati anasoma hakukuwa na stika hiyo ya kutafuta, na mimi sikumfundisha kwamba itakuja.

Kazi hiyo ilitakiwa ifanyike hivi, wala haihitaji akili ya ajabu: unasoma stika kwanza, unafungua madirisha au unatoa friji nje, unazima kila chenye cheche, unatoa gesi kwa mpira mpaka nje kabisa, unapitisha nitrojeni kusafisha mabaki, afu unakata bomba kwa kikata bomba, huyeyushi kwa moto. Ni vitu vya mtu kufundishwa asubuhi moja. Alichokosa sio akili wala bidii, alikosa njia ya kujua kwamba kazi yake imebadilika wakati yeye anaendelea kuifanya vizuri. Mwalimu, hiyo sentensi ndo moyo wa hotuba yako, stori yote inaelekea hapo.

Kama unataka kuwagusa wa umeme ongeza mistari mitatu tu. Uingereza mwaka 2004 walibadilisha rangi za nyaya za majengo ziendane na za Ulaya. Kwenye mfumo wa zamani waya mweusi ulikuwa nyutro na wa bluu ulikuwa fezi mojawapo kwenye umeme wa fezi tatu. Kwenye mfumo mpya bluu ndo nyutro, na mweusi ni fezi. Yaani fundi mwenye uzoefu wa miaka 30 anayeamini rangi bila kupima ndo yuko hatarini kuliko kijana, kwa sababu macho yake yamefunzwa vizuri kwa mfumo ambao haupo tena, na majengo ya zamani na mapya yapo yote mtaa mmoja. Ukisema hivyo wa umeme wote watanyanyua vichwa. Usiendelee zaidi ya hapo kwenye umeme, rudi kwenye stori yako.

Sasa daftari. Wahitimu wengi wanafikiri kujifunza maishani ni kozi, semina na vyeti vingine juu ya vyeti. Hivyo ni vizuri vikipatikana, lakini mtu anayeanza kazi kesho hana hela wala muda wa hayo, alichonacho ni kazi kumi kwa wiki zinazopita mikononi mwake, na nyingi zinapita bila kumwachia kitu kwa sababu haziandiki. Wengine wanaandika walichofanya, "nimebadilisha hiki nimefunga kile", hiyo ni risiti, haifundishi. Daftari ninalosema mimi lina siri moja ndogo: unaandika unachodhani ni tatizo KABLA hujafungua. Dalili ni hizi, nadhani ni hiki. Unafunga daftari, unafanya kazi, ukimaliza unaandika kumbe ilikuwa nini. Mistari mitatu, dakika mbili.

Kwa nini kabla? Kwa sababu binadamu akishajua jibu anajidanganya kwamba alikuwa analijua toka mwanzo, sio uongo wa makusudi, ndo kichwa kinavyofanya kazi. Ukiandika baadaye utaandika kama mtu aliyepatia. Ukiandika kabla, kosa lako linabaki pale kwa mwandiko wako mwenyewe na haliwezi kutoroka.

Soma ukurasa mmoja ukumbini, usielezee daftari kwa maneno matupu. Kitu kama hiki:

"Tarehe 4. Friji ya milango miwili. Dalili: haigandishi, kompresa inanguruma sekunde chache inakata, inakaa dakika kadhaa inanguruma tena. Nadhani: kompresa imekufa. Kumbe: rilei ya kuanzishia imeungua, ukiitikisa inachakacha kama njugu. Kompresa nzima."

Msikilizaji wa fani nyingine hata kama hajui rilei ni nini ataelewa kilichotokea, kijana alikuwa karibu kumwambia mwenye friji anunue kitu cha bei kubwa wakati kilichoharibika ni kidude kinachoenea kiganjani. Afu endelea, waambie huyu kijana baada ya miezi mitatu alikaa akasoma daftari lote, akakuta kazi za kompresa kunguruma na kukata alizipata saba, na mara tano aliandika kompresa imekufa, na katika hizo tano iliyokufa kweli ni moja. Hapo sasa hahitaji mtu wa kumwambia akasome nini. Anajua kabisa kwamba asichokijua ni jinsi ya kupima upande wa kuanzishia, rilei, kinga ya joto, na nyaya tatu za kompresa kwa mita. Jumamosi mchana mmoja na fundi mkubwa hayo yote yanaisha. Kujifunza maisha yote ukikuangalia kwa karibu ndo huko, mtu anajua pengo lake linaitwaje na anaenda kuliziba, halafu miezi mitatu mingine analitafuta lingine.

Mshonaji afanye hivyo hivyo, dalili: mshono unakunjamana kwenye kitambaa chepesi, nadhani ni uzi kukaza sana, kumbe ni sindano nene kuliko kitambaa. Wa magari naye, gari inatetemeka ikiwa imesimama, nadhani plagi, kumbe mpira wa kupitisha hewa kwenye injini umepasuka. Mfano mmoja mmoja kwa kila fani utoshe, na tafadhali waulize walimu wenzako wa hizo fani wakupe mfano wa kweli, mwanafunzi anajua mara moja kama mfano umetungwa na mtu asiyeshika hiyo kazi.

Kuhusu wiki ya kwanza kazini, na hapo nisingeenda mbali, ningewapa swali moja la kumuuliza msimamizi siku ya kwanza. Vijana wengi wanaharibu mwanzoni kwa njia mbili, kuna anayegusa kila kitu ili aonekane anajua, na kuna anayesimama pembeni mikono mfukoni anasubiri aitwe, na wote wawili ni woga ule ule. Swali lenyewe ni hili: "Kazi zipi nifanye peke yangu, zipi nifanye ukiwa unaniangalia, na zipi nisiguse kwa sasa?" Msimamizi yeyote mwenye akili anafurahi kuulizwa hivyo, na jibu lake liandikwe ukurasa wa kwanza wa lile daftari. Baada ya mwezi anauliza tena, na kama kuna kazi imehama kutoka kundi la tatu kwenda la pili ina maana anakua, kama hakuna kilichohama basi kuna kitu cha kuzungumza na mkubwa wake.

Na wafundishe kusema "sijui" ya fundi, ambayo ni tofauti na "sijui" ya mtoto wa darasani. "Sijui" tupu inamchosha mkubwa kwa sababu inamrudishia kazi yote. Ya fundi inakuja na mzigo wake: "Nimepima hapa nimepata hivi, pale nimepata vile, nadhani ni kitu fulani ila sina hakika, nianzie wapi?" Mkubwa akisikia hivyo anajibu kwa sekunde kumi na mara nyingi anaongeza na siri ambayo hakupanga kuitoa. Ningewafanya waitamke ukumbini wote kwa pamoja, mara moja tu, sio kama wimbo, ni ili midomo iwe imeshaisema kabla ya siku yenyewe. Ila waambie na ukweli, kwamba wapo wakubwa watakaowafokea hata wakiuliza vizuri, na kwenye sehemu ambayo kuuliza kunaadhibiwa kila siku mtu hawezi kukua, akae apate mkate wake huku anatafuta pengine. Usiwafiche hilo, watakutana nalo.

Vitu vya kuacha. Usiwaambie cheti ni karatasi tu, najua inasemwa kwa nia njema, lakini nyuma yao wamekaa wazazi waliojinyima kwa ajili ya hiyo karatasi, na kijana mwenyewe kaipigania. Sema cheti kinathibitisha ulichokijua mpaka tarehe iliyoandikwa juu yake, ambayo ni kweli kabisa na haimvunji mtu moyo. Usiwaahidi ajira, huna. Usiwakaripie kuhusu simu pia, mimi mwenyewe nawaambia wapige picha ya kila wanachofungua kabla hawajatoa skrubu ya kwanza, simu ni nusu ya daftari.

Muda sasa, hapa wengi ndo wanaumia. Mimi nikisoma kwa utulivu mbele ya watu natembea na maneno kama 100 kwa dakika, ukizingatia maneno yetu ni marefu na kuna kusubiri watu wacheke au wapige makofi. Dakika 10 basi ni maneno 1,000, na ningeandika 800 ili nibaki na nafasi. Salamu za meza kuu zisizidi dakika moja, stori ya friji dakika nne, daftari tatu, siku ya kwanza kazini moja na nusu, na iliyobaki ya kufunga. Soma umesimama, kwa sauti ya ukumbini, simu inahesabu muda, ukisoma kimoyomoyo kitandani utajidanganya kwa dakika tatu nzima. Kama imezidi usiharakishe kusoma, toa mistari ya umeme.

Mwanzo usianze na "leo ni siku muhimu". Baada ya salamu ingia moja kwa moja: "Nina mwanafunzi ana kovu kuanzia hapa mpaka hapa", na unaonyesha kwenye mkono wako mwenyewe. Ukumbi utanyamaza, nakuhakikishia. Kama unatumia stori ya mwanafunzi wako mwingine, mpigie kwanza umuombe ruhusa, na jina lake usilitaje hata kama amekubali, pale kutakuwa na watu wanaomfahamu.

Mwisho, kama chuo kinaweza, wanunulieni kila mhitimu kadaftari kadogo kanakoingia mfuko wa shati, ukurasa wa kwanza mmeshaandika yale makundi matatu ya kazi, na kurasa zinazofuata zina maneno matatu tu pembeni, Dalili, Nadhani, Kumbe. Wapewe pamoja na cheti, sio kabla, wakipewa kabla watachorachora wakati wageni wanaongea. Afu siku mbili tatu kabla ya mahafali msomee hotuba mwanafunzi mmoja ambaye sio wa fani uliyoisimulia, usimuulize kama ameipenda, atasema nzuri mwalimu. Kesho yake muulize tu: nilikwambia uandike nini kabla ya kufungua? Akishindwa kujibu, rudi kwenye sehemu ya daftari uisogeze juu au uipunguze maneno, na nitumie ulichoandika nikiangalie, nina nafasi mpaka Ijumaa.